Permutesheni au butstrapu: uripoti nini sampuli ikiwa ndogo na mtawanyo hauaminiki

Chukua namba hizi 15: 49, −67, 8, 16, 6, 23, 28, 41, 14, 29, 56, 24, 75, 60, −48. Ni tofauti za urefu wa mahindi, zilizopimwa kwa thumuni za inchi, kutoka kwenye majaribio ya Charles Darwin yaliyochapishwa mwaka 1876. Kila jozi ilikuwa na mmea mmoja uliotokana na uchavushaji mtambuka na mwingine uliotokana na mmea kujichavusha wenyewe, nao walikua kwenye chungu kimoja, kila mmoja upande wake. Namba chanya maana yake mmea mtambuka ulikuwa mrefu zaidi.

Ukizipeleka kwenye jaribio la t la jozi, wastani wa tofauti ni 20.93, kosa sanifu ni 9.75, t ni 2.148 na p ni 0.0497. Kwa wengi kazi ingekuwa imeisha hapo, maana p iko chini ya 0.05, ingawa ni kwa unywele. Lakini zitazame tena namba zenyewe. Kumi na tatu ni chanya, na mbili zilizobaki ni hasi kubwa mno. Zinatoka kwenye jozi mbili ambazo mmea mtambuka ulifika inchi 12 tu, wakati mtambuka mwingine wowote ulipita inchi 18. Mtawanyo umelalia upande wa kushoto, na kwa namba 15 hakuna kipimo cha ukawaida kitakachokuambia kwa uhakika kama ni bahati mbaya ya mimea miwili au ndivyo mambo yalivyo. Jaribio la t limekupa p iliyo pembeni kabisa ya mstari, nalo linategemea dhana usiyoweza kuitetea mbele ya msimamizi wako.

Hapo ndipo watu husema, "Basi tumia butstrapu," na wengine, "Tumia permutesheni," kana kwamba ni majina mawili ya dawa moja. Nitazilinganisha kwa data hizi hizi, kwa sababu tofauti zake huonekana pale namba zinapokuwa chache.

Kila moja inafanya nini

Permutesheni huanza na swali la "kama". Kama aina ya uchavushaji haina athari yoyote kwa urefu, basi katika kila jozi ishara ya tofauti ni suala la nani aliwekwa upande gani. Ile 49 ingeweza kuwa −49 kwa urahisi ule ule. Jozi 15, kila moja ikiwa na ishara mbili, zinatoa mipangilio 2 kwa kipeo cha 15, yaani 32,768. Unajumlisha tofauti katika kila mpangilio, kisha unahesabu ni mipangilio mingapi imetoa jumla iliyo mbali na sifuri sawa na 314 tuliyoipata, au zaidi yake. Ronald Fisher aliifanya hesabu hii kwa data hizi mwaka 1935, zama ambazo kompyuta hazikuwepo, akapata mipangilio 863 upande wa juu. Ukichukua pande zote mbili ni 1,726, nayo ni asilimia 5.27. Leo ni mistari minne ya R:

```r
d <- c(49,-67,8,16,6,23,28,41,14,29,56,24,75,60,-48)
ishara <- as.matrix(expand.grid(rep(list(c(-1,1)), 15)))
jumla <- ishara %*% abs(d)
mean(abs(jumla) >= abs(sum(d)))
```

Jibu ni 0.05267. Angalia alama ya `>=`. Ukiweka `>` peke yake utaitupa nje hata data yako mwenyewe, na p itashuka bila haki. Kosa la aina hiyo hiyo huingia kimyakimya ukibadilisha thumuni kuwa sentimita: desimali za kompyuta hazilingani sawasawa, na mipangilio iliyopaswa kuhesabika kuwa sawa na wako huachwa nje. Fanya kazi kwa namba nzima, au upunguze kitu kidogo kama `1e-9` upande wa kulia wa ulinganisho.

Butstrapu, iliyoletwa na Bradley Efron mwaka 1979, haina "kama" yoyote. Inaichukulia sampuli yako kuwa picha ya kundi zima ilikotoka, inachota namba 15 kutoka kwenye zile 15 kwa kurudisha kila iliyochotwa, inakokotoa wastani, na kurudia maelfu ya mara. Mtawanyiko wa wastani hizo ndio unaokuambia wastani wako ungeyumba kiasi gani kama ungefanya utafiti upya:

```r
library(boot)
set.seed(15)
f <- function(x, i) c(mean(x[i]), var(x[i])/length(i))
b <- boot(d, f, R = 9999)
boot.ci(b, type = c("perc", "bca", "stud"))
```

Kwa hiyo bidhaa asilia ya permutesheni ni p, na bidhaa asilia ya butstrapu ni kipindi cha imani. Kila moja inaweza kulazimishwa kutoa bidhaa ya mwenzake, lakini inapolazimishwa vibaya ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu kuhesabu wastani ngapi za butstrapu zimeangukia chini ya sifuri na kuiita hesabu hiyo p. Wastani hizo zimezunguka 20.93, hazikuzunguka sifuri. Hazikutengenezwa chini ya nadharia tete ya sifuri, kwa hiyo haziwezi kukuambia data yako ingekuwa ya ajabu kiasi gani kama nadharia hiyo ingekuwa kweli.

Uhalali unatoka wapi

Permutesheni inapata uhalali wake kwenye bahati nasibu iliyogawa mimea, basi. Kama kila jozi ilirushiwa sarafu kuamua mmea upi ukae upande upi, p yako ni sahihi kabisa bila kujali umbo la mtawanyo, na sampuli ikiwa ndogo haidhuru. Darwin hakurusha sarafu, na Fisher alilijua hilo. Aliitumia mifano hii kueleza kwamba kurusha sarafu ndiko kungeipa hesabu ile msingi wake. Bila bahati nasibu inabidi udai kwamba, athari isipokuwepo, tofauti zinaweza kuwa chanya au hasi kwa usawa. Dai hilo ni jepesi kuliko kudai umbo la kengele, lakini bado ni dai, na liandikwe kwenye ripoti.

Butstrapu inapata uhalali wake kwingine: kwenye jinsi sampuli ilivyochotwa kutoka kwenye kundi kubwa. Jozi zile 15 hazikuwa na vyungu 15. Vilikuwa vyungu vinne tu, vyenye jozi 3, 3, 5 na 4. Kama chungu kimoja kilikuwa na udongo ulioipendelea mimea mitambuka, jozi zake zote zinasema jambo moja. Butstrapu inayochota jozi moja moja inazihesabu kama mashahidi wanaojitegemea, na kipindi kinakuwa chembamba kuliko ukweli. Ukitaka kuwa mwaminifu unapaswa kuchota vyungu vizima, na vyungu vinne havitoshi kwa butstrapu ya kuaminika. Permutesheni haina shida hiyo, mradi sarafu ilirushwa kwa kila jozi, kwa sababu inauliza kuhusu mimea hii tu: je, uchavushaji uliiathiri? Haidai chochote kuhusu mahindi yote duniani.

Hilo ndilo swali la kwanza la kujiuliza kabla hujafungua programu. Unazungumzia vitu ulivyonavyo, uliovigawa kwa bahati nasibu? Permutesheni. Unataka kukadiria ukubwa wa kitu kwenye kundi kubwa ambalo sampuli yako inaliwakilisha? Butstrapu, ukiwa na vitengo vya kutosha vinavyojitegemea.

Udogo wa sampuli unavyozibana

Permutesheni ikibanwa na sampuli ndogo husema waziwazi. Ukiwa na jozi 5, mipangilio ni 32, na p ndogo kabisa ya pande mbili ni 2 juu ya 32, yaani 0.0625. Hata kama tofauti zote tano ziwe chanya na kubwa namna gani, huwezi kufika 0.05. Makundi mawili ya watu watatu watatu yana migawanyo 20, na p ndogo kabisa ni 0.1. Ya wanne wanne yana 70, na p ndogo kabisa ni 0.029. Hesabu hii ifanyike kabla ya kukusanya data. Mwanafunzi anayepanga jozi tano kisha aandike kwamba "hakukuwa na tofauti ya kitakwimu" anaripoti kitu alichokuwa amekiamua siku ya kuandika pendekezo la utafiti.

Butstrapu haisemi. Ipe namba tano, itakuletea histogramu laini ya mirudio 9,999 na kipindi chenye desimali mbili, kana kwamba una data tele. Namba tano zinaweza kuchotwa kwa namna 126 tu zilizo tofauti, na hakuna idadi ya marudio itakayoongeza habari ambayo haimo.

Tatizo lake lina ukubwa unaoweza kukokotolewa. Kipindi cha pasentaili, kile kinachochukua asilimia 2.5 ya chini na 97.5 ya juu za wastani zilizochotwa, ni chembamba kwa sababu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba tofauti-mraba ndani ya butstrapu inagawanywa kwa n badala ya n − 1. Kwa data za Darwin kosa sanifu linashuka kutoka 9.75 hadi 9.41. Ya pili ni kwamba kinafanya kazi kana kwamba kizidishi ni 1.96, wakati kwa namba 15 jaribio la t lingetumia 2.145. Ukizidisha hizo mbili, upana wa pasentaili unakuwa takriban asilimia 88 ya kipindi cha t. Kwa namba 10 ni asilimia 82, na kwa namba 5 ni asilimia 63. Maana yake, hata data zikitoka kwenye mtawanyo wa kawaida safi kabisa, kipindi kinachoitwa cha 95% kwa namba tano kinaukamata wastani wa kweli karibu mara 85 tu kati ya 100.

Kwa hiyo anayekimbilia butstrapu ya pasentaili kwa sababu "sampuli ni ndogo" ameruka majivu akakanyaga moto. Butstrapu inasaidia pale umbo la mtawanyo linapotiliwa shaka. Udogo wa sampuli ni ugonjwa mwingine, na pasentaili huuzidisha. Tena SPSS, usipogusa chochote, huchota mara 1,000 na kukupa pasentaili hiyo hiyo, ndiyo maana tasnifu nyingi zimejaa hiyo.

Majibu yakigongana

Hivi ndivyo data za Darwin zinavyojibu, kila njia kwa sauti yake. Namba za butstrapu nimezikadiria kwa karibu, maana tarakimu ya mwisho hubadilika kulingana na mbegu, yaani namba ya `set.seed` inayoanzisha uchotaji wa kompyuta.

| Njia | Jibu (thumuni za inchi) |
|---|---|
| Jaribio la t | p = 0.0497, kipindi 0.03 hadi 41.8 |
| Permutesheni ya ishara, mipangilio yote | p = 0.0527, kipindi kinaanzia chini kidogo ya sifuri |
| Butstrapu, pasentaili | takriban 1.4 hadi 38 |
| Butstrapu, `bca` | takriban −1.6 hadi 36 |

Mtu asiyejua angeona vurugu. Mbili zinasema sifuri iko nje, mbili zinasema iko ndani. Lakini hakuna vurugu. Zote nne zinasema athari ni ya inchi mbili na nusu hivi, kwamba huenda ni ya inchi nne au tano, na kwamba huenda ni karibu na hakuna. Kinachotofautiana ni kama ncha ya chini imeuvuka mstari au imeugusa, na ncha hiyo ndiyo inayotawaliwa na ile mimea miwili ya inchi 12.

Pasentaili na `bca` zinatofautiana kwa sababu inayoeleweka. Wastani zilizochotwa zimelalia kushoto kidogo. Pasentaili inaibeba hali hiyo jinsi ilivyo, lakini haitoshelezi. `bca`, marekebisho ambayo Efron aliyatoa mwaka 1987, inakisia ulalo huo na kuvisogeza vikomo vyote viwili kushoto zaidi. Kwa nadharia iko karibu zaidi na ukweli. Ila haitibu ule wembamba wa sampuli ndogo, na kasi ya usogezaji inakadiriwa kutoka kwenye namba 15 hizo hizo, ambapo mbili ndizo zinazoamua karibu kila kitu. Ile ya tatu niliyoiomba kwenye msimbo, `stud`, hugawa umbali kati ya kila wastani uliochotwa na wastani wa awali kwa kosa sanifu la uchotaji huo wenyewe. Kwa wastani wa sampuli ndogo naipendelea kuliko hizo mbili, kwa kuwa inashughulikia ulalo na wembamba kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba kipindi hupanuka sana data zikiwa na thamani zilizojitenga, na mwandishi hushawishika kukificha.

Kwa ripoti kuna kanuni moja ambayo ningeishikilia: p na kipindi vitoke kwenye mashine moja. Ukiandika p ya permutesheni, 0.053, halafu pembeni yake uweke kipindi cha pasentaili kisicho na sifuri, msomaji makini atakuuliza uamini kipi, na hutakuwa na jibu. Permutesheni inaweza kutoa kipindi chake kwa njia rahisi iitwayo kugeuza jaribio. Toa namba fulani c kwenye kila tofauti, rudia jaribio, na uone p. Thamani zote za c ambazo jaribio linashindwa kuzikataa kwa 0.05 ndizo kipindi cha 95%.

```r
p <- function(c) {
  e <- d - c
  mean(abs(ishara %*% abs(e)) >= abs(sum(e)) - 1e-9)
}
```

Pitisha c kutoka −5 hadi 50 kwa hatua ndogo, na utaona kipindi kinaanzia kati ya −1 na 0 na kuishia juu kidogo ya 40. Kinakaribiana na cha t, ila hakitegemei kengele. Kinategemea kwamba athari inaongeza urefu kwa kiasi kilekile kwenye kila jozi, na hilo nalo ni dai la kuandikwa.

Kitu gani kinapanguliwa

Kuna mlango mmoja wa udanganyifu ambao permutesheni inauacha wazi kuliko butstrapu. Jaribio ni mashine tu, na wewe ndiye unayechagua takwimu ya kuingiza. Nimeingiza wastani. Ningeingiza vyeo vya tofauti badala ya tofauti zenyewe ningepata jaribio la Wilcoxon, na p yake kamili hapa ni 0.041. Ningeangalia ishara peke yake, 13 kwa 2, ningepata 0.0074. Data moja, mashine moja, na p tatu zilizo upande huu na ule wa mstari.

Hazipingani, kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Jaribio la ishara linajali ni mara ngapi mtambuka alishinda, na haliumizwi na kwamba alishindwa vibaya mara mbili. Wastani unaumizwa sana. Ukiwa mkulima unayejali mavuno ya shamba zima, wastani ndio swali lako, na zile jozi mbili ni sehemu ya maisha. Uchaguzi huo ufanywe kabla ya kuona p, na ripoti iseme ulifanywa lini. Mtu akiandika tu "jaribio la permutesheni lilitumika (p = 0.007)" bila kutaja takwimu, hajaripoti kitu.

Maneno ya ripoti yenyewe

Sentensi ambayo mhakiki huirudisha ni hii: "Kwa kuwa data hazikuwa na mtawanyo wa kawaida, butstrapu ilitumika na matokeo yalikuwa ya maana (p < 0.05)." Haina ukubwa wa athari, haina aina ya kipindi, haina idadi ya marudio, na haisemi ni nini kilichochotwa.

Kwa permutesheni ningeandika hivi:

"Mimea mitambuka ilizidi ile ya kujichavusha kwa wastani wa thumuni 20.9 za inchi (jozi 15; kadiri, yaani tofauti ya katikati, ni 24). Tofauti mbili zilikuwa hasi na kubwa, hivyo hatukutegemea mtawanyo wa kawaida. Tulitumia jaribio la permutesheni la kubadili ishara ndani ya jozi, takwimu ikiwa wastani wa tofauti, pande mbili, tukihesabu mipangilio yote 32,768. Mipangilio 1,726 ilitoa wastani ulio mbali na sifuri sawa na wetu au zaidi (p = 0.053). Mimea haikugawiwa pande kwa bahati nasibu, kwa hiyo p inategemea dhana kwamba, pasipo athari, ishara zote mbili zina nafasi sawa."

Baada yake weka kipindi cha kugeuza jaribio, kwa namba kamili ambazo kompyuta yako imezitoa. Kwa butstrapu, ikiwa ndiyo uliyoichagua, sentensi moja inatosha: wastani wa tofauti, kipindi cha 95% cha `stud` au `bca` kwa jina lake, marudio 9,999, kitengo kilichochotwa ni jozi, na mbegu. Usiweke p.

Idadi ya marudio si pambo. Permutesheni ikiwa na mipangilio mingi mno kuhesabika, unachota baadhi kwa bahati nasibu, na p inakuwa makadirio yenye kosa lake. Tuseme ungekuwa mvivu ukachota mipangilio 9,999 kwa data za Darwin badala ya kuhesabu yote 32,768. Kosa sanifu la p lingekuwa kama 0.0022. Mbegu moja ingekupa 0.050, nyingine 0.055, na mara chache moja ingekupa 0.049. Kwa marudio 999 kosa hilo ni 0.007, na hapo unaweza kutafuta mbegu inayokupendeza mpaka uipate. Ndiyo maana, kama yote yanahesabika, hesabu yote. Yasipohesabika, ongeza marudio hadi kosa la p liwe dogo kuliko umbali wake na mstari unaoujali, na uandike mbegu.

Na ukichota baadhi, p ni (b + 1) gawanya kwa (B + 1), ambapo B ni idadi ya marudio na b ni yale yaliyofikia au kuzidi matokeo yako. Ile moja ni mpangilio wako wa kweli, nao ni mmojawapo wa mipangilio inayowezekana. Bila hiyo utajikuta umeandika p = 0, jambo lisilowezekana. Kwa marudio 9,999 p ndogo kabisa unayoweza kuripoti ni 0.0001.

Makundi mawili yasiyo na jozi

Hapa permutesheni inapoteza sehemu ya ubora wake, na wengi hawajui. Ukilinganisha watu 6 na watu 14 kwa kupangua majina ya makundi, unachojaribu ni kwamba mitawanyo miwili ni ile ile kabisa, si wastani tu. Kundi dogo likiwa na mtawanyiko mkubwa, jaribio la tofauti ya wastani litakataa mara nyingi kuliko ile 5% uliyoahidi, hata kama wastani za kweli ni sawa. Kundi kubwa likiwa ndilo lenye mtawanyiko mkubwa, litakataa kwa nadra mno.

Tiba ni nyepesi: badala ya kupangua tofauti ya wastani, pangua t ya Welch, ambayo imegawanywa kwa kosa sanifu la kila kundi. Kwa kila mpangilio unaikokotoa upya. Haileti usahihi kamili, ila inapunguza upotofu huo kwa kiasi kikubwa. Ishara kwamba unaihitaji inaonekana kwenye jedwali lako la kwanza: mkengeuko sanifu wa kundi dogo ukiwa mara mbili ya ule wa kundi kubwa, usiendelee na tofauti tupu. Butstrapu, ikichota ndani ya kila kundi peke yake, haina dhana hiyo ya mitawanyo kufanana, na ni mojawapo ya sehemu chache ambako ningeipa nafasi ya kwanza hata kwa sampuli ya ukubwa wa kati. Lakini kwa lile kundi la watu 6 bado ni `stud`, si pasentaili.

Sehemu nyingine ni pale unapotaka kipindi cha kitu kisicho na fomula rahisi: uwiano wa kadiri mbili, kizio cha uhusiano, tofauti ya asilimia za juu. Permutesheni itakupa p, lakini kuigeuza itoe kipindi kunahitaji dai gumu kuhusu jinsi athari inavyofanya kazi. Butstrapu itakupa kipindi moja kwa moja, ukiwa na namba ishirini thelathini hivi. Isipokuwa kadiri yenyewe. Kwa sampuli ndogo, kadiri za butstrapu huruka kati ya thamani chache za data zako, na histogramu inatoka na nguzo tatu nne badala ya kilima. Ukiiona hivyo usiripoti kipindi chake kwa desimali mbili. Kwa kadiri ya data za Darwin ningerudi kwenye jaribio la ishara na kuligeuza: linatoa kipindi ambacho vikomo vyake ni tofauti zilizopimwa zenyewe, ya nne kutoka chini hadi ya nne kutoka juu, yaani 8 hadi 49, kwa uhakika unaozidi kidogo 96%.